Kusafisha cheni na gia za baiskeli zilizoganda tope na oili ya zamani

Baiskeli nyingi zinazofika karakanani kwangu baada ya masika ni za gia, mtumba, na ndizo zinazobeba maziwa na magunia kwenye njia za udongo mwekundu. Cheni imekuwa kamba nyeusi iliyokakamaa, gia za nyuma hazionekani meno, na pembeni kuna kutu. Wenyewe huwa wameshajaribu kumwagia oili juu ya uchafu huo ili kelele ipungue. Kelele hupungua kweli, ila mchanga uliomo huingia ndani zaidi pamoja na oili, na kuanzia hapo kila mzunguko wa pedeli unasaga pini za cheni. Uchafu unaoua cheni ni ule uliojificha kati ya pini na roli, na kazi yote hii inalenga kuutoa huo.

Andaa mafuta ya taa nusu lita, chupa ya maji ya lita moja na nusu yenye mdomo mpana kidogo, mswaki mkuukuu, bisibisi nyembamba, matambara, sabuni ya unga na mafuta ya cherehani. Petroli usitumie. Inasafisha haraka, lakini mvuke wake unashika moto kwa cheche ndogo tu. Hata ukiwa na mafuta ya taa, fanya kazi nje, mbali na jiko, na vaa glavu kama unazo.

Hatua ya 1: Kwangua kikavu, halafu pima

Acha tope likauke. Likikauka linabanduka vipande vipande kwa bisibisi na brashi, bila maji wala mafuta. Ukianza kwa kulowesha unapata uji unaopenya kila mahali. Kwa sababu hiyohiyo sipendi baiskeli ipelekwe kwenye mashine ya kuoshea magari: presha ya maji inasukuma mchanga hadi kwenye gololi za ndani.

Sasa pima kama cheni inafaa kuoshwa. Umbali kati ya pini moja na inayofuata ni nusu inchi, kwa hiyo nafasi 24 ni inchi 12, yaani milimita 304.8. Vuta cheni ikaze, weka futi ya chuma kwenye kitovu cha pini moja, uhesabu nafasi 24, usome ilipo pini ya mwisho. Ikiwa imepita inchi 12 kwa chini ya milimita moja na nusu, osha bila wasiwasi. Ikiwa imepita kwa milimita mbili hivi, osha, ila anza kuweka pesa ya cheni nyingine. Ikiwa imepita kwa milimita tatu, usiharibu mafuta yako. Cheni hiyo imekwisha, na huenda imeshakula meno ya gia.

Chukua mfano wa baiskeli ya muuza maziwa, gia 7 nyuma, cheni nyeusi tii. Futi inasoma milimita 306. Imerefuka kwa milimita 1.2. Kwa macho ungeitupa, lakini kwa kipimo bado ina maisha.

Hatua ya 2: Ifungue na uioshe ndani ya chupa

Kabla ya kuitoa, piga picha jinsi cheni inavyopita kwenye vigurudumu viwili vidogo vya nyuma. Tafuta kiungo kinachofunguka kwa mkono au kwa koleo. Kama cheni haina kiungo hicho na huna kifaa cha kusukumia pini, usigonge kwa msumari, maana cheni ya gia ina sahani nyembamba na zinapinda upesi. Ioshe ikiwa palepale kwenye baiskeli, kwa mswaki.

Ikitoka, itumbukize kwenye chupa, mimina mafuta ya taa mpaka yaifunike, funga kifuniko, tikisa kwa nguvu dakika mbili. Mafuta yatakuwa meusi papo hapo. Iache ilale humo, ikiwezekana usiku mzima kama ina kutu, halafu tikisa tena na umwage kwenye kopo. Weka mafuta mengine kidogo, rudia. Kwa cheni ya yule muuza maziwa tegemea mara tatu. Dalili kwamba ndani kumesafika haiko kwenye rangi ya sahani: ishike karibu na sikio na uikunjekunje. Ukisikia mkwaruzo wa mchanga, bado. Ikiwa kimya, inatosha.

Mwisho ioshe kwa maji ya moto na sabuni ya unga, suuza, kausha kwa tambara na uianike juani mara moja. Chuma kisicho na mafuta hushika kutu upesi sana.

Hatua ya 3: Kutu

Kutu ya juujuu, ile ya rangi ya chungwa, inatoka kwa stilwaya ya masufuria iliyochovywa mafuta ya taa. Viungo vilivyogoma, visivyokunjika, vitie tone la oili kisha uvipinde kulia na kushoto kwa vidole mpaka vilegee. Sahani iliyotafunwa mashimo au yenye ufa haina dawa.

Wengi hulowesha cheni kwenye siki au ndimu. Kutu inatoka kweli, lakini asidi hubaki ndani ya pini ambako huwezi kuisuuza vizuri, na chuma kigumu cha cheni kikikaa kwenye asidi kinaweza kuwa chepesi kukatika. Kwenye cheni, achana nayo.

Hatua ya 4: Gia za nyuma

Hapa ndipo friwili nyingi huharibiwa. Ndani yake kuna gololi na vimeno vidogo vinavyotoa ule mlio wa tikitiki, navyo vinahitaji mafuta yake. Ukiizamisha kwenye mafuta ya taa, unaondoa hata grisi yake.

Toa gurudumu, liinamishe upande wa gia utazame chini, ili kinachotiririka kidondoke nje badala ya kuingia kwenye ekseli. Kwangua kati ya gia na gia kwa bisibisi. Kisha chovya mswaki, ukamue, usugue. Malizia kwa kipande cha tambara kilichopitishwa kati ya gia mbili, ukikivuta huku na huku kama mpiga kiwi anavyong'arisha kiatu. Vigurudumu viwili vidogo vikwangue huku ukivizungusha. Rimu zikiguswa na mafuta zifute kwa sabuni, la sivyo breki hazitashika.

Zungusha friwili kinyume. Ikikwaruza, tia matone mawili ya oili kwenye ufa kati ya sehemu inayozunguka na isiyozunguka.

Hatua ya 5: Oili, kisha futa

Rudisha cheni. Kiungo kikiwa cha klipu, upande wa klipu usio na ufa uelekee inakokwenda cheni. Tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila roli, zungusha pedeli nyuma dakika moja, subiri robo saa, kisha futa cheni yote kwa tambara kavu hadi nje ikaribie kukauka. Oili chafu ya injini ina masizi na chembe za chuma, grisi inakusanya vumbi, na mafuta ya kupikia yanageuka gundi.

Jaribu kila gia ukiwa umebeba mzigo kidogo. Cheni ikiruka kwenye gia moja tu, na nyingine zikishika vizuri, tazama meno ya gia hiyo: yakiwa yamechongoka na kulalia upande mmoja, hiyo gia ndiyo iliyokwisha.

Mafuta ya taa machafu usiyamwage mtaroni. Yaache kwenye chupa hadi kesho, tope litazama chini, na yale ya juu yachuje kwa kitambaa uyatumie kwa mwosho wa kwanza wa cheni nyingine.