Turnitin imekupa asilimia 34? Barua ya kuomba insha ipitiwe upya inaandikwa hivi

Kwanza usianze kuandika barua ukiwa na hasira, na usibishane na ile asilimia. Namba inasema tu maneno fulani yamefanana na maandishi mengine, haisemi umeiba. Anayeamua ni mhadhiri, kwahiyo barua yako inatakiwa imsaidie aone kila kipande kimetoka wapi.

1. Fungua ripoti yenyewe, pitia rangi moja moja. Tuchukue mfano insha ya Azimio la Arusha la 1967, ina 34%. Ukichambua unakuta 12 ni drafti yako mwenyewe uliyowahi kutuma (inatokea kama "Student Paper" au "Submitted to" na jina la chuo chako), 9 ni orodha ya marejeo, 8 ni nukuu ndefu ya Imani ya TANU, na 5 ni aya moja ya ukurasa wa 4.

2. Tafuta sababu ya kila kipande. Mfumo unaitambua orodha kwa kichwa chake, kama References au Bibliography, sasa ukiandika "Marejeo" orodha nzima inaweza kubaki na rangi hata Exclude Bibliography ikiwashwa. Nukuu ndefu iliyosogezwa ndani bila alama za nukuu nayo, ukituma PDF badala ya Word, Exclude Quotes inaweza isiione, ikahesabika kama maneno yako.

3. Ile 5% ya aya ndo uiangalie kwa makini kuliko zote. Weka aya yako na chanzo pembeni kwa pembeni. Kama umebadilisha "wakulima" ukaweka "wakulima wadogo" na sentensi imebaki ileile, hapo hata ukiweka jina la mwandishi na mwaka bado hujaandika kwa maneno yako, umenukuu bila alama. Likubali kwenye barua, usilifiche, maana mhadhiri ataliona tu na akiliona mwenyewe hayo maelezo mengine hatayaamini.

4. Andika, ukurasa mmoja unatosha:

"YAH: OMBI LA KUPITIWA UPYA KWA INSHA YENYE UFANANO WA 34%

Mheshimiwa Mhadhiri, nimeipitia ripoti. 12% ni drafti yangu mwenyewe, nimeiambatisha. 9% ni orodha ya marejeo. 8% ni nukuu ya uk. 3, imesogezwa ndani na chanzo kimetajwa pamoja na ukurasa. 5%, uk. 4 aya ya 2, chanzo nimekitaja ila maneno yamekaribiana mno na ya mwandishi, nimeambatisha aya niliyoiandika upya. Naomba uiondoe drafti yangu kwenye ulinganisho, kisha uipitie insha kwa kusoma vipande vilivyobaki."

Ona ombi la mwisho, ni kitu ambacho mhadhiri anaweza kukifanya kwenye mfumo palepale, sio "naomba unionee huruma".

5. Ambatisha ripoti nzima, drafti yenye tarehe na aya mpya, halafu tuma kwa mhadhiri wa somo kabla hujaenda kwa mkuu wa idara.