Jinsi ya kujiuzulu ukiwa kwenye mpango wa kuboresha utendaji bila kupoteza haki ya kudai, nchini Uganda

Kabla ya kuandika barua yoyote, jiulize ni nani atakayebeba mzigo wa kuthibitisha. Mwajiri akikufukuza, Sheria ya Ajira ya 2006 inamtaka aeleze sababu na aithibitishe, tena akusikilize kwanza ukiwa na mtu uliyemchagua mwenyewe. Ukijiuzulu, mzigo huo unahamia kwako. Kwa hiyo kama mpango wenyewe ni mgumu tu, lakini mshahara unaingia na malengo yanafikika, kwa kawaida ni heri ubaki mpaka mwisho.

Sheria hiyo inakubali kwamba mfanyakazi aliyeacha kazi kwa sababu ya mwenendo usiofaa wa mwajiri, awe ametoa notisi au hakutoa, ahesabiwe kuwa ameachishwa. Ila Mahakama ya Viwanda, inayosikiliza migogoro ya kazi, haitosheki na maneno makali ya bosi wala na alama mbaya. Inatazama kama mwajiri alivunja sheria au mkataba, kama ulidhurika, na kama kuendelea na kazi kulikuwa hakuwezekani tena.

Tuchukue mfano wa karani wa ghala Jinja, mwenye miaka mitatu kazini na mshahara wa shilingi 1,800,000 kwa mwezi. Tarehe 3 Machi anawekwa kwenye mpango wa siku 60. Mwisho wa Machi analipwa 1,400,000, na hakuna aliyemwomba ridhaa. Hapo kesi yake imebadilika: mpango peke yake ungekuwa hoja dhaifu, lakini kukata mshahara bila makubaliano ni jambo linaloonekana kwenye karatasi.

Hatua yake ya kwanza ni malalamiko ya maandishi kwa idara ya rasilimali watu. Anataja tarehe, kiasi kilichokatwa, na anaomba kirudishwe ndani ya siku saba. Wengi huiruka hatua hii, halafu mwajiri husema hakuwahi kupewa nafasi ya kurekebisha. Malalamiko yapelekwe kwa barua pepe, na nakala ya karatasi igongwe muhuri wa kupokelewa.

Wakati huohuo akusanye vilivyo vyake: barua ya ajira, hati za mshahara, mpango wenyewe, tathmini za miaka iliyopita na kumbukumbu za vikao. Asijitumie orodha za wateja wala mafaili ya siri ya kampuni. Akifanya hivyo anampa mwajiri kosa la nidhamu ambalo hakuwa nalo.

Jibu lisipokuja, aandike barua ya kujiuzulu mapema. Anayekaa miezi mingi akipokea mshahara uliokatwa huonekana ameridhika nao. Barua iwe fupi, na kiini chake kiwe hivi:

“Najiuzulu kwa sababu mshahara wangu wa Machi ulipunguzwa kwa shilingi 400,000 bila ridhaa yangu, na malalamiko yangu ya maandishi hayakujibiwa. Natoa notisi ya mwezi mmoja kuanzia leo, 14 Aprili. Sijaacha haki yangu yoyote ya kisheria.”

Barua inayosema “kwa sababu binafsi” na kumalizia kwa shukrani nyingi ndiyo huua kesi nyingi, maana itasomwa mbele ya afisa wa kazi kama ushahidi dhidi ya mwandishi. Usitume barua ya kujiuzulu kwa hasira: ukishaikabidhi, kuirudisha kunahitaji mwajiri akubali.

Notisi ya kisheria ni mwezi mmoja kwa aliyefanya kazi mwaka mmoja hadi chini ya mitano, miezi miwili kwa miaka mitano hadi chini ya kumi, na miezi mitatu kuanzia miaka kumi. Mkataba ukitaja muda mrefu zaidi, fuata mkataba. Kutoa notisi kunazuia mwajiri kudai mshahara wa mwezi huo kutoka kwako.

Siku ya mwisho, angalia sana fomu ya kukabidhi vifaa. Mara nyingi ndani yake kuna mstari unaosema umelipwa kila kitu na huna dai lingine. Saini sehemu ya vifaa, kisha kando ya mstari huo andika kwa mkono: “Nimepokea malipo haya tu, madai mengine yabaki.” Wakikataa kukupa fedha bila saini kamili, omba nakala uisome nyumbani. Dai pia siku za likizo ulizolimbikiza, ambazo ni saba kwa kila miezi minne ya kazi, na uombe cheti cha utumishi.

Malalamiko ya kuachishwa isivyo haki hupelekwa kwa afisa wa kazi wa wilaya, au mamlaka ya jiji, KCCA, kwa walioko Kampala, ndani ya miezi mitatu. Anayelalamika awe amefanya kazi mfululizo wiki 13 au zaidi. Kwa usalama karani wetu ahesabu kuanzia siku ya barua, si mwisho wa notisi: awe amefika kabla ya 14 Julai. Mazungumzo na mwajiri hayasimamishi hesabu hiyo. Afisa asipotoa uamuzi ndani ya siku 90, mlalamikaji anaweza kulipeleka shauri mbele zaidi, mahakamani.