Ukiachwa na ndege Mombasa: la kuuliza kwanza kwenye kaunta

Somo hili ni la anayeanzia uwanja wa ndege wa Moi, abadilishe ndege Nairobi, kisha aende nje ya nchi. Kinachotia watu hasara zaidi si ile ndege iliyowaacha, bali safari zilizobaki kwenye tiketi, ya kurudi ikiwemo.

1. Piga simu ungali njiani. Tuseme ndege ni ya saa nne kamili asubuhi na kaunta inafungwa dakika 60 kabla. Saa tatu kasoro dakika kumi uko Kibarani, malori yamesimama hadi mzunguko wa Changamwe, na una sanduku la kupimwa. Hapo hesabu umechelewa, hata kama ndege ingali chini. Mlango ukishafungwa bila wewe, jina lako huwekwa NO SHOW, yaani hakufika, na kwa kampuni nyingi mtambo hufuta safari zote zinazofuata. Kwa hiyo toa ile nambari ya bukingi iitwayo PNR, yenye herufi na tarakimu sita kwa jumla, useme: "Nimekwama njiani. Naomba safari zangu zilizobaki zisifutwe, na unihamishie ndege inayofuata." Andika saa uliyopiga na jina la aliyekujibu. Tiketi nyingi zina ada ndogo ukibadilisha kabla ya ndege kuondoka kuliko baada yake.

2. Tazama kama una tiketi moja au mbili. Kama Mombasa–Nairobi na Nairobi–Dubai ziko chini ya tiketi moja, na ndege ya Mombasa ndiyo iliyochelewa, ni jukumu la kampuni kukufikisha Dubai. Hupaswi kulipa ada wala tofauti ya nauli. Kama ulinunua mbili mbali mbali, kampuni ya kwanza iliahidi kukufikisha Nairobi tu, na ya pili itakuhesabu mtu ambaye hakufika. Sanduku nalo linakuambia: soma karatasi inayobandikwa mkononi mwake pale Moi. Ikiandikwa DXB, linakwenda hadi Dubai. Ikiandikwa NBO, utalichukua Nairobi na kulipeleka upya mwenyewe.

3. Uliza haya, usiondoke bila majibu.
- Ndege inayofuata yenye nafasi ni ipi, na je, mnaweza kuniweka kwa kampuni nyingine?
- Kama nalipa: ada ya kubadilisha ni kiasi gani, na tofauti ya nauli ni kiasi gani? Taka kila moja kando. Mara nyingi ada ni ndogo, tofauti ndiyo inayouma, kwa hiyo uliza pia bei ya kesho.
- Kama kosa ni lenu: chakula, na mahali pa kulala iwapo nitalala Nairobi?
- Naomba barua inayosema ndege ilichelewa kwa saa ngapi na kwa nini.

4. Hakikisha tiketi imetolewa upya. Hapa wengi huumia bila kujua. Karani anaweza kukuwekea nafasi kwenye ndege mpya, simu yako ikaonyesha safari mpya, lakini tiketi ikabaki ya zamani. Kesho yake kaunta haiwezi kukupa pasi ya kupandia. Omba risiti mpya ya tiketi, yenye nambari ya tarakimu 13, uone tarehe mpya za kwenda na za kurudi.

Maswali ya wanachama

*Nimeachwa na ndege ya Mombasa kwa sababu ya feri Likoni. Nikipanda treni ya SGR Miritini hadi Nairobi, si nitaiwahi ile ya Dubai?*
Usipande kabla ya kuongea na kampuni, dadangu. Kwenye tiketi moja, kuruka safari ya kwanza hufuta ya pili, hata ukifika mapema. Omba waondoe kipande cha Mombasa na watoe tiketi upya kuanzia Nairobi. Wakikubali, ndipo ukate ya treni.

*Tiketi nilikatiwa na wakala. Kaunta wananiambia nirudi kwake, naye hashiki simu.*
Waombe kwanza jambo moja tu: waandike kwenye bukingi yako kwamba ulifika au ulipiga simu, na saa. Kisha umwite msimamizi wa zamu. Siku ya safari yenyewe ofisi ya uwanjani mara nyingi inaweza kuishika tiketi ya wakala, ila karani wa kawaida huenda hana ruhusa.

*Nilikuwa na tiketi mbili na ya kwanza ilichelewa saa tatu. Nimdai nani?*
Kwa kampuni ya pili, omba huruma ukiwa na ile barua ya kuchelewa mkononi. Wengine hukuweka kwenye orodha ya kusubiri siku hiyo hiyo, lakini hawalazimiki. Kisha angalia bima yako kama inalipia ndege ya kuunganisha. Soma muda inaoutaka kati ya ndege mbili: ukiwa uliacha mwanya mfupi kuliko huo, dai litakataliwa.

*Tiketi yangu hairudishiwi pesa. Yote imepotea?*
Nauli huenda imepotea, lakini uliza kodi na ada za uwanja kwa safari ambayo hukusafiri. Kampuni nyingi huzirudisha ukiomba kwa maandishi, pengine wakikata gharama yao.