Kabla Hujatangaza Nambari Yako ya Kuchangiwa

Hapa Mombasa tuko wengi tunaoandika hadithi za mfululizo mitandaoni. Sehemu za mwanzo huwa bure, kisha msomaji hutuma shilingi 100 apate za mwisho, au huchangia tu kwa mapenzi yake. Pesa hiyo ikija moja kwa moja kwa M-Pesa au benki, hakuna wa kukuwekea hesabu. Kwa hivyo kabla hujaandika nambari chini ya hadithi, shika haya.

Soma masharti ya mtandao unaoandikia. Mingine haitaki malipo ya nje, na akaunti yako ndiyo itakayofungwa.

Tenga pesa ya wasomaji na ya nyumbani. Hili nalirefusha kwa sababu lilinifika.

Mwanzo nilitoa nambari yangu ile ile ya kununulia unga na tokeni za stima. Siku moja dada mmoja wa Likoni alikusanya kwa wenziwe 15, shilingi mia mia, akanitumia 1,500 kwa mkupuo kupitia simu ya mumewe. Mimi nilikuwa nadaiwa Fuliza 1,180. Fuliza haiulizi pesa ni ya nani: chochote kinachoingia kwenye M-Pesa yako hukatwa deni kwanza. Zikabaki 320, na jioni ile zikaenda sokoni. Ujumbe ulikuwa na jina la mwanamume nisiyemjua, nami sikuandika popote.

Baada ya juma moja watu 15 wakaniuliza sehemu ya 21 iko wapi. Kila aliyeniambia "nimelipa" nilimtafuta kwenye simu, jina lake silioni, nami nikamjibu kwamba hajalipa. Wanawake waliotoa mia zao kwa imani! Wakaanza kuniita mwizi hadharani. Ilibidi niombe taarifa ya M-Pesa ya mwezi mzima, nipitie mstari kwa mstari, ndipo nikaona ile 1,500 na lile jina. Niliwapa hadithi yote na kuwaomba radhi mbele za watu, lakini wanne hawakurudi tena.

Sasa natumia Pochi la Biashara. Hufunguliwa kwenye laini yako hiyo hiyo kwa *334#, na pesa yake haichanganyiki na salio lako mpaka uihamishe mwenyewe. Ukiona wasomaji wameongezeka, omba nambari ya tili, ili nambari yako ya simu isizagae kwa watu usiowajua.

Nunua daftari, na uliandike kila usiku kabla ya kulala. Weka tarehe, msimbo wa muamala (zile herufi na tarakimu 10 zinazoanza ujumbe), kiasi, jina lililotokea, jina la msomaji mwenyewe, na pesa ni ya nini. Hayo majina mawili usiyaunganishe, kwani watu hutumia simu za waume, watoto na mawakala. Mwambie kila anayelipa akutumie ule msimbo pamoja na jina lake, na akiwa amewalipia wenziwe, akupe majina yote.

Safu ya "ni ya nini" ndiyo itakayokuokoa. Aliyetoa zawadi hudaiwi naye kitu. Ni wewe kumshukuru tu. Aliyelipia sehemu ya 21 mpaka 30 anakudai kumi, na kila unayompelekea uitie alama. Ukiugua ukashindwa kumaliza hadithi, daftari litakuonyesha nani arudishiwe na ngapi.

Kwa wale wa Maskati au Ulaya wanaotuma benki, andika kilichotumwa na kilichofika, kwa maana benki za njiani hukata ada zao. Pesa pia huweza kuchukua siku kadhaa. Waambie mapema, wasidhani umeikalia.

Picha ya ujumbe si malipo. Angalia salio kwanza, ndipo upeleke hadithi.

Akikupigia mtu kwamba amekosea nambari, naye anataka umrudishie pesa kwenye nambari nyingine, usirudishe kwa mkono wako. Mwambie aupeleke ujumbe wake wa muamala kwa 456, Safaricom wairudishe wenyewe. Ukimtumia, kisha naye akaomba irudishwe huko, umelipa mara mbili.

Usichapishe majina ya waliochangia wala kiasi walichotoa bila idhini yao; wako wanaosoma kwa siri nyumbani kwao. Siri ya M-Pesa usimpe hata msaidizi wako. Na kwa kuwa wapo wanaonakili hadithi na kubandika nambari zao, waandikie wasomaji jina kamili litakalotokea kabla hawajathibitisha. Likitokea jingine, wasitume, wakuulize kwanza.