Gawanya kila safu mlalo kwa jumla yake kabla ya kupaka rangi

`ConfusionMatrixDisplay` ya scikit-learn huchora jedwali la makosa ya modeli: safu mlalo ni aina halisi, safu wima ni ubashiri. Tuseme una barua pepe halali 950 na taka 50. Ukipaka rangi kwa hesabu ghafi, kisanduku cha halali 930 zilizotambuliwa kinameza rangi yote, na taka 30 zilizopenya hazionekani. Weka `normalize="true"` ndani ya `from_predictions`, ili kila safu mlalo igawanywe kwa jumla yake: safu ya taka sasa inasomeka 0.60 zimepenya, 0.40 zimekamatwa. Ila hapo halali 20 zilizoitwa taka zinabaki 0.02 tu, kumbe ni nusu ya zote 40 zilizoitwa taka! Hilo linaonekana kwa `normalize="pred"`, inayogawanya kila safu wima kwa jumla yake. Aina yenye mifano 5 usiiamini rangi yake; kosa moja tayari ni 0.20.