Umegonga ng'ombe Nairobi: jinsi ya kudai bima ya gari

Anza na sera yako ya bima kabla ya kugusa fomu yoyote. Kama una thadi pati, bima italipa watu uliowaumiza, lakini gari lako utalitengeneza mwenyewe. Anayelipwa kwa kugonga ng'ombe au mbuzi ni mwenye komprehensivu, kwa sababu bima hiyo hufidia ajali ya gari lenyewe. Nimeona wengi wakigundua tofauti hii bredauni ikiwa tayari imelifunga gari mnyororo.

Tuchukue mfano. Unashuka Barabara ya Magadi saa mbili usiku. Ni msimu wa kiangazi, wakati wafugaji wanapoleta mifugo mjini kutafuta majani kando ya barabara. Ng'ombe anakatiza, boneti inajikunja, rejeta inapasuka. Gari limekatiwa bima kwa thamani ya shilingi 1,200,000.

Simama. Sheria ya Trafiki inakutaka usimame hata kama aliyeumia ni mnyama, kisha uripoti polisi mapema iwezekanavyo, isipite saa 24. Mkijikuta mmezungukwa na wachungaji wenye hasira, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu.

Ukiwa bado hapo, piga picha: ng'ombe na gari katika fremu moja, alama za breki, na kitu cha kuonyesha mahali, kama bango au nguzo yenye nambari. Mpige ng'ombe picha ya karibu inayoonyesha hereni ya sikioni au alama ya moto ubavuni. Halafu usilioshe gari. Manyoya na damu zilizonasa kwenye grili ndizo zitakazomthibitishia asesa, mkaguzi anayetumwa na kampuni ya bima, kwamba ulimgonga mnyama, si nguzo ya geti nyumbani. Kama ulimkwepa ng'ombe ukagonga ukingo wa barabara, komprehensivu bado inafidia, ila hapo hakuna manyoya. Tafuta shahidi, au hifadhi video ya kamera ya gari kabla haijajifuta.

Mwenye ng'ombe atadai pesa papo hapo. Usilipe, na usiandike popote kwamba kosa ni lako. Sera nyingi zinakukataza kukubali lawama au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni, na ukivunja sharti hilo unawapa sababu ya kukataa dai. Mwambie kwa heshima, "Mzee, nipe jina na nambari yako, kampuni ya bima itazungumza nawe." Kumdai yeye aliyeacha mifugo barabarani pia ni haki ya kampuni ikishakulipa.

Kituoni utapewa nambari ya OB, na baadaye abstrakti ya polisi. Isome pale pale dirishani. Hakikisha namba ya gari, mahali na saa ni sahihi, na kwamba imetaja ng'ombe. Abstrakti inayosema tu gari lilipata ajali huzaa maswali ya wiki nzima.

Ijulishe kampuni siku hiyo hiyo, au kesho yake asubuhi. Jaza fomu ya madai na uambatishe abstrakti, leseni ya dereva aliyekuwa usukani, nakala ya logibuku, kitambulisho, PIN ya KRA na picha zako. Maelezo yako yafanane na ya abstrakti. Gareji isifungue hata skrubu moja kabla asesa hajaliona gari.

Sasa pesa. Wengi hukosea kwenye eksesi, yaani sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Mara nyingi hupigwa kwa thamani ya gari, si kwa gharama ya matengenezo. Kama sera yako inasema asilimia 2.5, ya 1,200,000 ni shilingi 30,000. Asesa akipitisha matengenezo ya 186,000, kampuni inatoa 156,000. Lakini kama ulimgonga mbuzi na bampa ni la 34,000, dai litakuletea 4,000 tu, na huenda ukapoteza punguzo la kutodai mwaka ujao. Mimi nisingedai. Ajali hata hivyo iripoti polisi na kwa kampuni, maana mwenye mbuzi anaweza kuibuka na dai lake. Kama kilichovunjika ni kioo cha mbele pekee, uliza kama sera ina kipengele cha kioo; kina kikomo chake, na mara nyingi hakikatwi eksesi.

Na mwenye thadi pati? Kama mnyama aliachwa azurure, unaweza kumshtaki mwenye mnyama kwa uzembe katika Mahakama ya Madai Madogo, kwa mfano ile ya Milimani. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Ila ni lazima umjue mwenye ng'ombe, na hapo ndipo ile picha ya hereni au alama ya moto inakuwa ushahidi wako.