Somo: Ukiwa Lanet, usimame upande gani upate matatu ya kwenda mjini Nakuru

Mwezi uliopita mpwa wangu alitoka Busia kuja kunitembelea hapa Lanet. Alifika jioni, akateremshwa kando ya barabara kuu, nikaenda kumpokea. Kesho yake alitakiwa awe mjini saa mbili asubuhi kwa usaili wa kazi. Alitoka nyumbani mapema, akaenda kusimama palepale alipoteremkia jana, ikaja matatu iliyoandikwa Nakuru ubavuni, akapanda. Aliponipigia simu alikuwa Mbaruk, gari likielekea Gilgil. Aliteremka, akavuka, akangoja gari la kurudi. Usaili ulimpita.

Tangu siku hiyo kila mgeni wangu namfundisha haya kabla hajalala, na leo nayaandika hapa kwa sababu najua wengi wamepotea kwa njia hiyohiyo.

Kwanza, fahamu kwamba ulikoteremka siko utakakopandia. Kenya magari hupita upande wa kushoto wa barabara, na mlango wa abiria wa matatu uko kushoto. Gari linalotoka mjini likija Lanet hukuteremsha kwenye ukingo wa kushoto kwake. Ukisimama hapohapo asubuhi, magari yatakayokusimamia yanaendelea na safari ileile ya jana, yaani yanazidi kuuacha mji. Ili urudi ulikotoka ni lazima uvuke.

Pili, jua mji uko wapi kabla hujafika barabarani. Hili ndilo la kumuuliza mwenyeji, na uliza hivi: "Nikiwa barabarani, mjini ni kwa huku au kwa kule?" aoneshe kwa mkono. Usiulize "nisimame kulia au kushoto?" Kulia kwake akitokea nyumbani ni kushoto kwako ukitokea dukani, na hapo ndipo watu wazima wawili huelekezana vizuri kabisa na bado mmoja akapotea.

Tatu, simama ukingoni, uelekee barabara, mji uwe mkono wako wa kushoto. Hii ndiyo kanuni yenyewe. Ukiitazama barabara, magari ya njia iliyo karibu nawe hutokea kulia kwako na kwenda kushoto kwako. Ni hivyo mchana na usiku, Nakuru na Malaba, popote nchini penye barabara ya kwenda na kurudi. Kwa hiyo unakotaka kwenda kuwe kushoto. Mji ukiwa kulia kwako, vuka.

Tuifanye kwa Lanet. Mji wa Nakuru uko magharibi yetu. Ziwa Nakuru liko kusini ya barabara kuu, mlima wa Menengai uko kaskazini. Anayekwenda mjini husimama upande wa ziwa, akielekeza uso Menengai. Hapo mji unakuwa kushoto kwake, na Mbaruk na Gilgil kulia. Asubuhi kuna ushahidi wa pili: jua linakuwa mkono wa kulia. Mpwa wangu alikuwa amesimama upande wa Menengai, jua likimpiga kushoto, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba hiyo ni dalili.

Nne, usiamini maandishi ya ubavuni. Ule mstari wa manjano wa matatu huandikwa ncha zote mbili za safari, kwa mfano Nakuru–Gilgil, na maandishi hayo hayabadiliki gari likigeuka. Neno "Nakuru" lina maana kwamba gari hufika Nakuru, si kwamba sasa hivi linakwenda huko. Msikilize makanga anachoita, na kabla mguu haujapanda uliza, "Mnaenda tao au mnatoka tao?" Ukiuliza "Nakuru?" peke yake, makanga mwenye haraka atasema ndiyo, kwa kuwa gari ni la Nakuru kweli.

Ukishakaa kuna nafasi moja ya kujiokoa. Gari likianza kwenda kulia kwa pale ulipokuwa umesimama, umetazama vibaya au limegeuza. Uliza papo hapo, usingoje steji ya tatu kwa kuona haya. Na ukiteremka ili urudi, usidhani steji ya upande wa pili iko mkabala. Mara nyingi imesogezwa mbele au nyuma. Vuka mahali salama, kwa daraja la miguu kama lipo, kisha tembea hadi watu wanaposubiri.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Ngata:* Mwalimu, mimi nimesimama upande wa ziwa kama ulivyosema, na magari yote yananipita yakienda Salgaa. Nimekosea wapi?

*Jibu:* Hukukosea kanuni, ndugu yangu, umechukua alama yangu ya Lanet ukaipeleka Ngata. Wewe uko ng'ambo ya pili ya mji, kwa hiyo kila kitu kinapinduka: mji uko mashariki yako. Simama upande wa Menengai, uipe Menengai mgongo. Mji utakuwa kushoto, na jua la asubuhi litakuwa kushoto pia. Alama za ziwa na mlima ni za mtaa mmoja. Mkono wa kushoto ndio wa kila mahali.

*Mama wa Free Area:* Binti yangu hutumia ramani ya simu. Anasema inamchanganya zaidi.

*Jibu:* Pole, mama, na ana sababu. Ramani kwa kawaida huweka kaskazini juu. Kwenu Free Area, akisimama upande sahihi anatazama kaskazini, kwa hiyo mji uko kushoto kwenye kioo na kushoto kwake pia. Akienda Ngata atakuwa anatazama kusini: mji utaonekana kulia kwenye kioo ilhali uko kushoto kwake. Mwambie aizungushe simu mpaka barabara ya kwenye ramani ilingane na barabara iliyo mbele yake. Na ile nuru inayoonesha anakotazama asiitegemee akiwa amesimama tuli, hupotoka.

*Kijana wa Mamboleo, Kisumu:* Huku hakuna Menengai, kaka.

*Jibu:* Kwenu ni rahisi zaidi, maana mji wenyewe uko ziwani na barabara kutoka Mamboleo inateremka kwenda huko. Itazame barabara, mteremko uwe kushoto kwako.

*Mwanachama wa Lanet:* Makanga wa upande wa Menengai huniambia, "Panda, tunageuza hapo mbele." Nipande?

*Jibu:* Wakati mwingine ni kweli. Gari likiwa na abiria wachache hugeuza kabla ya mwisho wa safari, na jioni wapo wanaopanda hivyo makusudi ili wapate kiti. Lakini uliza wanageuzia wapi na nauli ni ya safari moja au mbili, kabla ya kukaa. Ukiwa na miadi, vuka tu. Kanuni hii pia haifai ndani ya mji kwenye barabara ya kwenda upande mmoja, wala kwenye ruti inayozunguka mtaa kabla ya kutoka. Huko utauliza makanga, na utamuuliza kabla ya kulipa.